Hesabu Inakubali, Elektroni Zinakataa

Itazame milinganyo hii miwili. Yote inaeleza tukio moja: pamanganeti ya potasiamu, ile dawa inayogeuza maji kuwa ya zambarau, inakutana na hidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda, ndani ya maji yenye asidi.

2MnO₄⁻ + 3H₂O₂ + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 4O₂ + 6H₂O

2MnO₄⁻ + 5H₂O₂ + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 5O₂ + 8H₂O

Hesabu atomi za ule wa kwanza. Manganisi ni mbili kushoto na mbili kulia. Oksijeni ni 14 kwa 14, hidrojeni ni 12 kwa 12. Jumlisha na chaji: kushoto hasi 2 na chanya 6, yaani chanya 4, na kulia ioni mbili za manganisi zenye chanya 2 kila moja, nazo ni chanya 4. Umesawazika. Fanya hivyo hivyo kwa wa pili, nao umesawazika. Hata hivyo ni mmoja tu unaoeleza kinachotokea ndani ya chupa, na ni ule wa pili. Wa kwanza ni uongo uliopangwa vizuri.

Mwanafunzi aliyezoea kusawazisha kwa kubahatisha namba za mbele, akiongeza hapa na kupunguza pale mpaka atomi zilingane, anaweza kabisa kuangukia ule wa kwanza na kuondoka ameridhika. Kila kipimo anachokijua kinamwambia amepata. Ndiyo maana nimechagua mmenyuko huu kueleza njia ya nusu-mmenyuko. Katika milinganyo mingi njia hii inarahisisha kazi tu. Hapa inatenganisha ukweli na uongo.

Mmenyuko wa redoksi ni ule ambao elektroni zinahama kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Anayetoa elektroni anaoksidishwa, anayezipokea anapunguzwa. Elektroni hazielei majini zikisubiri mtu wa kuzichukua: kila inayotolewa lazima ipokelewe. Mlinganyo uliokamilika hauonyeshi elektroni hata moja, kwa kuwa zilizotoka na zilizoingia zinafutana, na humo ndimo kosa linapojificha. Njia ya nusu-mmenyuko inaugawa mmenyuko mara mbili, upande wa mtoaji na upande wa mpokeaji, ili elektroni zionekane waziwazi na zihesabiwe kabla hazijafutwa.

Kabla ya kuandika chochote ni lazima ujue nini kinageuka kuwa nini. Karatasi haiwezi kukuambia. Maabara ndiyo inayosema. Ukidondosha pamanganeti ya zambarau kwenye peroksaidi yenye asidi ya kutosha, rangi inatoweka na mapovu yanapanda. Mapovu ni oksijeni. Rangi imetoweka kwa sababu ioni ya pamanganeti, MnO₄⁻, imekuwa ioni ya manganisi, Mn²⁺, ambayo katika maji yaliyozimuliwa haina rangi ya kuonekana kwa macho. Potasiamu iliyokuja na pamanganeti na salfeti iliyokuja na asidi ya sulfuriki haziguswi, kwa hiyo tunaziweka kando. Zinabaki nusu mbili, zikiwa bado ghafi:

MnO₄⁻ → Mn²⁺

H₂O₂ → O₂

Tuanze na pamanganeti, maana ndiyo inayoonyesha hatua zote. Kwanza tazama atomi zisizo oksijeni wala hidrojeni. Hapa ni manganisi peke yake, moja kushoto na moja kulia, kwa hiyo hakuna la kufanya. Lakini usiiruke hatua hii kwa mazoea. Ungekuwa na daikrometi, Cr₂O₇²⁻, kushoto kuna kromiamu mbili, na ungelazimika kuandika 2Cr³⁺ kulia kabla ya kwenda mbele. Anayesahau hapo anabeba kosa hilo hadi mwisho, na hesabu ya elektroni inatoka nusu nusu.

Sasa oksijeni. Kushoto zipo nne, kulia hakuna. Upande unaopungukiwa oksijeni unaongezewa molekuli za maji, moja kwa kila atomi ya oksijeni inayokosekana:

MnO₄⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O

Wengi huuliza tumepata wapi ruhusa ya kuongeza maji kama tunavyotaka. Ruhusa inatokana na mahali mmenyuko unapofanyika. Mmenyuko wote uko ndani ya maji, na oksijeni nne zilizokuwa zimeishika manganisi lazima ziende mahali fulani. Katika asidi haziwezi kukaa peke yake, kwa hiyo zinachukua hidrojeni na kuwa maji. Usiandike O₂ kulia ili kuziba pengo. Kwa kufanya hivyo utakuwa umesema pamanganeti inatoa gesi ya oksijeni, na hilo ni tukio lingine kabisa.

Kwa kuongeza maji tumeleta hidrojeni nane kulia. Zinalinganishwa kwa ioni za hidrojeni, H⁺, upande wa pili:

MnO₄⁻ + 8H⁺ → Mn²⁺ + 4H₂O

Hapa ndipo asidi inapoingia kazini. Kwa kweli H⁺ haitembei uchi majini. Inashikamana na maji, na vitabu vingine huiandika H₃O⁺. Kwa kusawazisha, H⁺ inatosha na inapunguza msongamano. Na zile nane si pambo. Kila ioni ya pamanganeti inayopunguzwa inakula ioni nane za hidrojeni, ndiyo maana asidi ikiwa haba mmenyuko unaharibika kwa namna ambayo nitaieleza baadaye.

Atomi sasa zimelingana, na wanaoanza wengi huishia hapa. Zuia mkono. Jumlisha chaji. Kushoto kuna hasi 1 ya pamanganeti na chanya 8 za hidrojeni, jumla chanya 7. Kulia kuna chanya 2, kwa kuwa maji hayana chaji. Elektroni ina chaji hasi, kwa hiyo inawekwa upande wenye chanya nyingi ili kuushusha. Kutoka chanya 7 hadi chanya 2 ni hatua tano:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O

Elektroni ziko kushoto, maana yake pamanganeti inazipokea. Kama unajua namba za oksidisho unaweza kujikagua: manganisi iko chanya 7 ndani ya pamanganeti na inashuka hadi chanya 2, tofauti tano. Majibu mawili yaliyopatikana kwa njia mbili tofauti yamekutana, na hicho ni kipimo kizuri kuliko kurudia hesabu ile ile mara mbili.

Twende kwa peroksaidi. Nusu hii ni fupi, na ufupi wake unawaponza watu. Wakishaona oksijeni, wanakimbilia kuongeza maji. Hesabu kwanza: H₂O₂ ina oksijeni mbili, O₂ ina oksijeni mbili. Zimelingana tayari, maji hayahitajiki. Kinachokosekana ni hidrojeni mbili kulia:

H₂O₂ → O₂ + 2H⁺

Chaji kushoto ni sifuri, kulia ni chanya 2. Elektroni mbili zinakwenda kulia:

H₂O₂ → O₂ + 2H⁺ + 2e⁻

Elektroni ziko kulia, kwa hiyo peroksaidi ndiyo inayozitoa. Jambo hili linawashangaza wengi, kwa kuwa peroksaidi inajulikana kama kioksidishaji: inaua vijidudu na kufifisha rangi ya nywele kwa kuvinyang'anya vitu vingine elektroni. Lakini oksijeni zake ziko kwenye namba hasi 1, katikati ya hasi 2 ya maji na sifuri ya gesi ya oksijeni. Inaweza kupanda au kushuka kutegemea imekutana na nani. Mbele ya pamanganeti, ambayo ina njaa kubwa zaidi ya elektroni, peroksaidi inageuka kuwa mtoaji. Ukimaliza nusu zako mbili ukakuta elektroni zote ziko upande mmoja, usiendelee: mojawapo umeiandika kinyume au umekosea chaji.

Imebaki kuziunganisha. Pamanganeti moja inataka elektroni tano, peroksaidi moja inatoa mbili. Deni na malipo lazima yafanane, kama kwenye daftari la dukani. Kigawe kidogo cha shirika cha tano na mbili ni kumi, kwa hiyo nusu ya kwanza inazidishwa kwa mbili na ya pili kwa tano. Kila kitu ndani ya nusu kinazidishwa, pamoja na H⁺ na maji, ambavyo ndivyo husahaulika:

2MnO₄⁻ + 16H⁺ + 10e⁻ → 2Mn²⁺ + 8H₂O

5H₂O₂ → 5O₂ + 10H⁺ + 10e⁻

Jumlisha pande za kushoto pamoja na za kulia pamoja. Elektroni kumi zinafutana na kumi. H⁺ ziko 16 kushoto na 10 kulia; futa kumi kila upande, zinabaki sita kushoto. Maji yapo kulia pekee, hayana wa kufutana naye. Tunapata:

2MnO₄⁻ + 5H₂O₂ + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 5O₂ + 8H₂O

Atomi za manganisi ni mbili kwa mbili, oksijeni 18 kwa 18, hidrojeni 16 kwa 16, chaji chanya 4 kwa chanya 4. Ndio ule mlinganyo wa pili.

Sasa ule wa kwanza ulitoka wapi? Peroksaidi ina tabia nyingine: ikiachwa, inavunjika yenyewe polepole na kutoa maji na oksijeni.

2H₂O₂ → 2H₂O + O₂

Mlinganyo huu mdogo umesawazika wenyewe. Kwa hiyo ukiutoa ndani ya mlinganyo wa kweli, kinachobaki nacho kitasawazika. Toa peroksaidi mbili kutoka tano, zinabaki tatu. Toa maji mawili kutoka manane, yanabaki sita. Toa oksijeni moja kutoka tano, zinabaki nne. Huo ndio ule wa uongo. Ukiujumlisha badala ya kuutoa, unapata mwingine wenye peroksaidi saba, oksijeni sita na maji kumi yaliyokuwa manane. Unaweza kuendelea hivyo bila mwisho, na kila mara atomi na chaji zitakubali.

Elektroni ndizo zinazokataa. Katika ule wa uongo pamanganeti mbili zinahitaji elektroni kumi, lakini peroksaidi tatu zinatoa sita tu. Nne zinatoka wapi? Angalia oksijeni: molekuli nne zimetokea kulia wakati peroksaidi tatu zinaweza kuzaa tatu. Molekuli ya nne ingebidi itokane na oksijeni za maji au za pamanganeti yenyewe, zinyang'anywe elektroni nne ili ziwe gesi. Hakuna aliyeandika nusu-mmenyuko huo, kwa sababu haufanyiki humo. Anayebahatisha namba ameuingiza kwa mlango wa nyuma bila kujua.

Hili halikuachwa kwenye karatasi tu. Mwaka 1952 mkemia Henry Taube, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1983 kwa kazi yake juu ya kuhama kwa elektroni, alichapisha pamoja na mwenzake utafiti uliotumia oksijeni nzito, ile ya uzito 18, kuweka alama ili kufuatilia atomi. Ilionekana kwamba vioksidishaji vikali kama pamanganeti vinapokutana na peroksaidi, oksijeni inayotoka kama gesi inatokana na peroksaidi yenyewe, wala si maji yanayoizunguka. Atomi mbili zilizoshikana ndani ya H₂O₂ zinatoka zikiwa pamoja. Hivyo ndivyo nusu yetu fupi, H₂O₂ → O₂ + 2H⁺ + 2e⁻, inavyosema.

Atakayesema tofauti ya tatu na tano ni ya mtihani tu, aende dukani. Peroksaidi ya duka la dawa mara nyingi imeandikwa asilimia 3, na inapokaa inapungua nguvu kwa kuvunjika kule nilikokutaja. Kujua imebaki kiasi gani, mkemia anafanya titresheni. Anachukua cm³ 25 za dawa na kuzizimua kwa maji yaliyosafishwa hadi cm³ 250. Kutoka humo anapima kwa pipeti cm³ 25, anaziweka kwenye chupa ya koni, anaongeza asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa, kisha anadondosha pamanganeti ya moli 0.02 kwa lita kutoka kwenye bureti. Matone ya kwanza yanakawia kupoteza rangi, na mgeni anaweza kudhani kazi imeharibika. Subiri kidogo. Ioni za Mn²⁺ zinazozaliwa ni kichocheo cha mmenyuko huu huu, na zikishakuwepo kiasi, kila tone linafifia mara linapogusa maji. Mwishoni tone moja linaacha rangi ya waridi hafifu inayodumu kama nusu dakika. Hapo peroksaidi imekwisha.

Tuseme bureti imesoma cm³ 42.5. Hizo ni milimoli 0.85 za pamanganeti. Kwa mlinganyo wa kweli, kila pamanganeti mbili zinalingana na peroksaidi tano, kwa hiyo zidisha kwa 5 na ugawe kwa 2: milimoli 2.125 katika cm³ 25. Hiyo ni moli 0.085 kwa lita, na kabla ya kuzimua ilikuwa mara kumi, moli 0.85 kwa lita. Moli moja ya peroksaidi ina gramu 34, tunapata takriban gramu 29 kwa lita, karibu asilimia 2.9. Dawa ni nzima. Rudia kwa mlinganyo wa uongo, ukizidisha kwa 3 badala ya 5, na utapata kama asilimia 1.7. Dawa nzuri ingetupwa, au muuzaji mwaminifu angeitwa mwizi, kwa mlinganyo ambao kila mwalimu aliyekagua atomi na chaji tu angeupa alama zote.

Nimesema asidi ikipungua mambo yanaharibika. Dalili yake ni rangi ya kahawia. Bila H⁺ za kutosha pamanganeti haifiki Mn²⁺. Inaishia njiani kama manganisi dioksaidi, MnO₂, unga wa kahawia unaochafua chupa. Katika nusu hiyo inapokea elektroni tatu tu badala ya tano, kwa hiyo uwiano wote umebadilika. Baya zaidi, unga huo ni kichocheo maarufu cha kuvunja peroksaidi, na hapo sehemu ya peroksaidi inapotea kama mapovu bila kumpa mtu elektroni. Ukiona kahawia, mwaga, ongeza asidi, anza upya. Hakuna hesabu ya kuokoa jaribio hilo.

Asidi yenyewe pia inachaguliwa. Ya hidrokloriki haifai, kwa kuwa pamanganeti inaweza kunyang'anya elektroni za kloridi na kutoa klorini, na bureti itasoma zaidi ya ukweli. Ya nitriki ni kioksidishaji, inaingilia kazi isiyoihusu. Ya sulfuriki iliyozimuliwa inatoa H⁺ na kukaa kimya. Lakini iwe imezimuliwa: asidi ya sulfuriki kali ikimwagwa juu ya punje kavu za pamanganeti inaunda mafuta ya kijani yanayoweza kulipuka, na mchezo huo umewadhuru watu.

Njia hii ina mipaka yake. Haikuambii kama mmenyuko utafanyika, wala kwa kasi gani, na ukiipa mazao yasiyo sahihi itakusawazishia hayo hayo kwa utiifu. Mtu aliyeandika MnO₂ mahali pa Mn²⁺ atapata mlinganyo safi wa tukio ambalo halikutokea kwenye chupa yake.

Faida yake ni kwamba nusu ukishaiandika ni yako. Ile ya pamanganeti, yenye H⁺ nane na elektroni tano, haibadiliki ukibadilisha mtoaji, almradi asidi ipo. Chukua ioni za chuma kutoka kwenye vidonge vya kuongeza damu. Chuma kinatoka Fe²⁺ kwenda Fe³⁺, hakuna oksijeni, hakuna hidrojeni, maji hayahusiki, ni elektroni moja tu:

Fe²⁺ → Fe³⁺ + e⁻

Pamanganeti inataka tano, kila chuma kinatoa moja. Zidisha nusu ya chuma kwa tano, acha ya pamanganeti kama ilivyo, futa elektroni:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5Fe²⁺ → Mn²⁺ + 5Fe³⁺ + 4H₂O

Kagua chaji kabla ya kuiamini: hasi 1, chanya 8 na chanya 10 ni chanya 17 kushoto, chanya 2 na chanya 15 ni chanya 17 kulia. Safari hii hakuna mmenyuko wa pembeni wa kuutoa wala kuujumlisha, kwa hiyo hakuna mlinganyo wa pili unaoweza kujifanya huu.